Kikomo cha mzizi wa n wa n! ukigawanywa kwa n: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudi kila muhula kwa wanafunzi wa kidato cha sita na wa mwaka wa kwanza chuoni, hapa Kigoma na kwa wenzetu wa Tabora. Hesabu ni moja tu, na njia ni moja: logi asilia, kisha jumla ya Riemann. Kaa na karatasi ya grafu na penseli. Kikokotoo kitahitajika mara chache.

Hesabu yenyewe inauliza nini hasa?

Inauliza namba hii inaelekea wapi n inapokua bila mwisho:

a_n = (n!)^(1/n) / n

Jibu ni 1/e, yaani 0.36788 hivi. Ila kabla ya jibu ni vizuri kujua namba hiyo inapima nini.

Chukua kamba ya mita moja, kama zile wanazofungia mitumbwi pale Kibirizi. Piga fundo kila baada ya sentimita 20, na la mwisho liwe kwenye ncha. Ukipima kutoka mwanzo wa kamba, mafundo yako kwenye 20, 40, 60, 80 na 100. Wastani wa kawaida wa umbali huo ni sentimita 60. Sasa badala ya kujumlisha na kugawa kwa 5, zidisha namba zote tano halafu tafuta mzizi wa tano. Unapata sentimita 52.1. Huo ndio wastani wa kijiometri, na ukiuandika kwa mita ndio a_5 yetu.

Ukiongeza mafundo yakabanana zaidi na zaidi, wastani wa kawaida unashuka kuelekea sentimita 50, jambo ambalo kila mtu angelitarajia. Wastani wa kijiometri unashuka zaidi, hadi karibu sentimita 36.79. Namba e inatokea kwenye kamba yenye mafundo, ambako hakuna aliyeiweka. Kazi iliyobaki ni kuonyesha imetoka wapi.

Kwa nini tunaanza na logi?

Kwa sababu faktoria ni kuzidisha, na integrali ni kujumlisha. Hatuna zana ya moja kwa moja ya kushughulikia zao la vipande vinavyozidi kuongezeka, lakini tunayo ya kushughulikia jumla ya namna hiyo. Logi ndiyo daraja: inageuza zao kuwa jumla, na inashusha kipeo 1/n kiwe kizidisho cha kawaida mbele ya jumla. Kizidisho hicho 1/n ndicho kitakachokuwa upana wa mistatili yetu. Logi inafanya kazi zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Nionyesheni hatua za kufika kwenye jumla ya Riemann, bila kuruka.

Hatua inayowaangusha wengi ni ya kwanza: n iliyo kwenye asili ya sehemu lazima iingizwe ndani ya mzizi. Kwa kuwa n ni sawa na (n^n)^(1/n), tunaandika

a_n = (n! / n^n)^(1/n)

Juu kuna namba n zinazozidishwa: 1, 2, 3, hadi n. Chini kuna n iliyojizidisha mara n. Idadi zinalingana, kwa hiyo kila namba ya juu inapata n yake ya chini:

n! / n^n = (1/n)(2/n)(3/n)…(n/n)

Sasa chukua logi asilia pande zote:

ln a_n = (1/n) [ ln(1/n) + ln(2/n) + … + ln(n/n) ]

Tuiite jumla hii S_n. Itazame vizuri. Kila ln(k/n) ni urefu wa mstari wa grafu ya y = ln x pale x ilipo k/n, na 1/n ni umbali kati ya pointi moja na inayofuata. Urefu mara upana ni mstatili. Kwa hiyo S_n ni jumla ya maeneo ya mistatili n kati ya 0 na 1, urefu wa kila mmoja ukisomwa kwenye ukingo wake wa kulia. Alama ni hasi, kwa kuwa ln x iko chini ya mhimili wa x katika eneo lote hilo.

Kuna wanaoacha hesabu kama (1/n) ln(n!) − ln n, kisha wanakwama. Hawajakosea, ila hawajamaliza. Hiyo ln n moja ni sawa na (1/n) mara n mara ln n. Igawe: kila ln k ipate ln n yake ya kutoa, nayo inakuwa ln(k/n). Mgao huo ndio unaoleta namba zote kati ya 0 na 1. Bila mgao, ln 1 + ln 2 + … inakwenda kusikojulikana na hakuna integrali ya kuitegemea.

Integrali ya ln x kutoka 0 hadi 1 inapatikanaje, ilhali ln 0 haipo?

Inapatikana kwa kuanza juu kidogo ya 0, kisha kushuka. Integrali ya ln x ni x ln x − x. Kama huikumbuki, tofautisha: derivativu ya x ln x ni ln x + 1, ukiondoa 1 inabaki ln x. Anza kwenye namba ndogo chanya t:

∫ kutoka t hadi 1 ya ln x dx = (0 − 1) − (t ln t − t) = −1 − t ln t + t

Sasa t ikikaribia 0, nayo t inakwenda 0. Na t ln t pia inakwenda 0, ingawa ln t inazama bila mwisho. Weka t = 0.001: ln t ni −6.908, lakini t ln t ni −0.0069 tu. Namba t inapungua haraka kuliko logi inavyozama. Kinachobaki ni −1.

Kwa hiyo shimo lililo kando ya 0 lina kina kisicho na mwisho, lakini ni jembamba kiasi kwamba eneo lake lina ukubwa wenye mpaka.

Kwa hiyo naandika tu "hii ni jumla ya Riemann, basi kikomo ni −1"? Msahihishaji atakubali?

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asimame, kwa sababu hoja hiyo ina pengo halisi. Kanuni kwamba jumla za Riemann zinaelekea kwenye integrali inahusu fanksheni yenye mipaka juu na chini kwenye kipande kizima, pamoja na ncha zake. Fanksheni ln x haina mpaka wa chini karibu na 0. Kanuni haituhusu bila kazi ya ziada.

Wengine huona kwamba huo ni usumbufu wa maneno tu. Mfano huu unaonyesha sivyo. Tengeneza fanksheni f kwenye kipande cha 0 hadi 1: pale x ilipo 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea, thamani yake ni 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Kwingine kote ni 0. Ukianza kwenye t yoyote chanya hadi 1, kuna pointi chache tu zenye thamani isiyo 0, na pointi chache hazina upana, kwa hiyo integrali ni 0. Shusha t hadi 0, bado ni 0.

Sasa piga jumla yake kwa n = 6. Pointi ni 1/6, 2/6, 3/6, 4/6, 5/6 na 1. Kati ya hizo, 1/6 inatoa 6, 2/6 ambayo ni 1/3 inatoa 3, 3/6 ambayo ni 1/2 inatoa 2, na 1 inatoa 1. Zile 4/6 na 5/6 zinatoa 0. Jumla ni 12, ukigawa kwa 6 unapata 2. Integrali ni 0, jumla ni 2. Na kwa n yoyote, mstatili wa kwanza peke yake, ule wa 1/n, una eneo la n mara 1/n, yaani 1. Jumla hizi hazitafika 0 kamwe.

Kinachoiokoa ln x ni kwamba inapanda daima, haipandi na kushuka ovyo. Sifa hiyo inatosha kuibana S_n katikati ya namba mbili.

Upande wa chini. Katika ukanda wa kutoka (k−1)/n hadi k/n, thamani kubwa kuliko zote ya ln x iko kwenye ukingo wa kulia, ln(k/n). Kwa hiyo (1/n) ln(k/n) haiwezi kuwa ndogo kuliko integrali ya ln x kwenye ukanda huo. Jumlisha kanda zote kuanzia k = 1 hadi n:

S_n ≥ ∫ kutoka 0 hadi 1 ya ln x dx = −1

Upande wa juu. Sogeza macho ukanda mmoja kulia. Katika ukanda wa kutoka k/n hadi (k+1)/n, ln(k/n) ni thamani ndogo kuliko zote. Kwa hiyo (1/n) ln(k/n) haizidi integrali kwenye ukanda huo. Fanya hivi kwa k = 1 hadi n − 1. Kipande cha mwisho, k = n, ni ln 1 = 0 na hakiongezi kitu. Tunapata

S_n ≤ ∫ kutoka 1/n hadi 1 ya ln x dx = −1 + (ln n)/n + 1/n

Hiyo ya mwisho ni ile ile −1 − t ln t + t, ukiweka t = 1/n. Ukiziweka pamoja:

−1 ≤ S_n ≤ −1 + (1 + ln n)/n

Namba n ikikua, (1 + ln n)/n inakwenda 0, na S_n haina pa kwenda isipokuwa −1. Mistari hii miwili iandike kwenye jibu lako. Ndiyo uthibitisho wenyewe.

Tunaweza kuliona hilo kwa namba ndogo, tuseme n = 5?

Ndiyo, na ni vizuri kuichora. Kwenye karatasi ya grafu, weka pointi 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1. Logi zake ni −1.6094, −0.9163, −0.5108, −0.2231 na 0. Jumla ni −3.2596. Gawa kwa 5: S_5 = −0.6519. Mpaka wa chini ni −1, wa juu ni −1 + (1 + 1.6094)/5, yaani −0.4781. S_5 imekaa ndani.

Rudisha kutoka kwenye logi: e^(−0.6519) = 0.5210. Ndizo zile sentimita 52.1 za kamba.

Sasa tazama mstatili wa kwanza, kati ya 0 na 0.2. Eneo lake ni 0.2 × (−1.6094) = −0.3219. Integrali halisi ya ln x kwenye ukanda huo ni 0.2 × (−1.6094) − 0.2, yaani −0.5219. Tofauti ni 0.2 kamili. Si bahati ya namba 5: kwa n yoyote, mstatili wa kwanza unakosea kwa 1/n kamili, kwa kuwa x ln x − x ukiweka x = 1/n inatoa eneo la mstatili kisha inapunguza 1/n. Shimo lote lile la kutisha lililo chini ya mstatili wa kwanza lina ukubwa wa 1/n, nao unapungua. Kosa zima la S_5 ni 0.3481, na zaidi ya nusu yake iko hapo.

Kila kipande (k/n)^(1/n) kinakaribia 1. Mbona zao lao si 1?

Kosa hili linarudi sana. Ni kweli kwamba hata kipande kidogo kuliko vyote kinakaribia 1: kwa n = 100, (1/100)^(1/100) ni 0.955. Lakini vipande ni mia moja. Wastani wake wa kijiometri ni 0.9904, na 0.9904 ikijizidisha mara mia inashuka hadi kama 0.38. Ukiongeza n, kila kipande kinasogea karibu na 1, na papo hapo idadi ya vipande inaongezeka. Mambo mawili yanavutana, na 1/e ndipo yanapofikia mwafaka. Kikomo cha zao ni zao la vikomo pale tu ambapo idadi ya vipande haibadiliki.

Nimepata −1. Kwa nini mmesema jibu ni 1/e?

−1 ni kikomo cha ln a_n. Fanksheni e^x haina mkatiko, kwa hiyo a_n inaelekea e^(−1). Andika mstari huo. Pia a_n ni chanya daima, hivyo −1 ingepaswa kukustua mara moja.

Kikokotoo changu kinaandika kosa nikijaribu n = 100.

Vikokotoo vingi vya sayansi vinavyotumika shuleni haviwezi kushika namba inayofika 10^100. Faktoria ya mwisho vinayoimudu ni 69!, ambayo ni 1.711 × 10^98 hivi. 70! inavuka mpaka. Usihesabu faktoria yenyewe. Jumlisha logi, kama tulivyofanya kwenye uthibitisho. Kwa mwenye kompyuta yenye Python:

```
from math import log, exp
n = 1000
S = sum(log(k/n) for k in range(1, n+1)) / n
print(S, exp(S))
```

Utaona a_10 = 0.4529, a_100 = 0.3799, a_1000 = 0.3695, na a_10000 = 0.3681. Mwendo ni wa polepole. Mwanafunzi anayeishia n = 10 akatazama 0.4529 anaweza kudhani jibu la 0.3679 limekosewa. Halijakosewa. Kosa la S_n linakaribia ln(2πn)/(2n), na kwa n = 10 hiyo ni kama 0.207, ambayo bado ni kubwa.

Basi naweza kusema n! ni karibu sawa na (n/e)^n?

Hapana, na tofauti hii ni muhimu. Tulichothibitisha ni kuhusu mzizi wa n, na mzizi wa n unafuta mengi. Kwa n = 10, (10/e)^10 ni kama 454,000, wakati 10! ni 3,628,800, yaani karibu mara nane zaidi. Kwa n = 100 uwiano unafika kama 25. Hauendi 1, unakua bila mwisho. Unakua kwa mwendo wa √(2πn), matokeo yanayobeba jina la James Stirling na kazi yake ya mwaka 1730. Ila mzizi wa n wa √(2πn) unakwenda 1, ndiyo maana hauonekani kwenye kikomo chetu. Jumla ya Riemann katika sura hii tuliyoitumia haitoshi kuleta √(2πn). Inahitaji kupima kosa la kila ukanda kwa makini zaidi.

Wakinibadilishia swali, mfano (2n)!/n! badala ya n!, nitafanyaje?

Njia ni ile ile, na kwa kweli inakuwa rahisi. (2n)!/n! ni zao la n + 1, n + 2, hadi n + n. Hizo ni namba n, kwa hiyo tena kila moja inapata n yake ya chini:

ln a_n = (1/n) [ ln(1 + 1/n) + ln(1 + 2/n) + … + ln(1 + n/n) ]

Hii ni jumla ya Riemann ya ln(1 + x) kutoka 0 hadi 1. Fanksheni hiyo ina mipaka na haina mkatiko kwenye kipande chote, kwa hiyo hapa kanuni ya kawaida inatumika bila kubana katikati. Integrali ni 2 ln 2 − 1, na kikomo ni 4/e, yaani 1.4715. Kwa n = 10 unapata 1.5228, karibu zaidi kuliko tulivyopata kwa n! yenyewe, kwa sababu hakuna shimo kando ya 0.

Jambo la kukagua kabla ya kuanza ni idadi ya vipande. Namba zinazozidishwa zikiwa n, gawa kwa n. Zikiwa 2n, kama katika (2n)! yenyewe, asili lazima iwe n^2 baada ya mzizi wa n, la sivyo kutabaki ln n isiyo na mwenzake na kikomo hakitakuwa na mpaka.

Kuna njia ya kuhakiki jibu bila integrali?

Ipo. Weka b_n = n!/n^n. Uwiano b_(n+1)/b_n unarahisishwa hadi (n/(n+1))^n, nao unaelekea 1/e. Kwa mfuatano wa namba chanya, uwiano ukiwa na kikomo, mzizi wa n una kikomo hicho hicho. Ni mistari mitatu. Lakini swali likisema "kwa kutumia logi na jumla ya Riemann", njia hii haitakupa alama za hatua. Iweke pembeni ya karatasi, ikuhakikishie tu kwamba 1/e yako iko sawa.